Uzi: Mita na lita zimebaki, kwa nini wiki ya siku kumi na saa ya namba kumi zikafa?

Mpwani_Ughaibuni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Juzi mvua ilinikamata hapa Paris nikaingia jumba moja la makumbusho, shida yangu ilikuwa kujikausha tu. Nikakuta saa ya mfukoni iliyonisimamisha karibu nusu saa. Uso wake una namba kumi. Ya 10 iko juu, ya 5 iko chini kabisa pale tulipozoea 6. Pembeni yake kuna kalenda ya karatasi yenye miezi 12, kila mwezi siku 30, na kila mwezi umekatwa vipande vitatu vya siku kumi kumi. Siku zenyewe zinaitwa primidi, duodi, tridi, hivyo hivyo mpaka dekadi, ambayo ndiyo ya mapumziko.

Maelezo yanasema ni kazi ya Mapinduzi ya Ufaransa. Sasa watu wale wale, miaka ile ile, ndio waliotuletea mita na lita, na leo muuza mafuta wa Buguruni na wa Gikomba wote wanapima kwa lita. Kwa nini hili lingine halikushika? Nisijibiwe "watu hawapendi mabadiliko", maana mita waliikubali.

Kasuku77

Mkuu mbona hiyo si ajabu? Hata sisi saa zetu si za Wazungu. Wao saa saba asubuhi, sisi saa moja. Na tumedumu nazo.

Mpwani_Ughaibuni

@Kasuku77 hapana, sisi tumehamisha mahali pa kuanzia kuhesabu tu. Saa yetu ina dakika 60 kama ya Mzungu, na saa ya mchina unayoivaa mkononi ni ile ile. Hawa walibadilisha urefu wa saa yenyewe. Siku nzima, usiku na mchana, ina saa 10. Saa moja ina dakika 100, dakika moja ina sekunde 100.

Kasuku77

Aisee. Naweka kambi hapa.

MwalimuMstaafu

Nimefundisha historia miaka mingi na hili wanafunzi walikuwa wakicheka kila mwaka. Ngoja nianze na saa, kwa sababu ndiyo iliyokufa kwanza.

Chukua saa tisa na dakika 45 alasiri. Kuanzia usiku wa manane zimepita saa 15 na robo tatu, yaani 15.75. Gawanya kwa 24, unapata 0.65625. Toa sifuri na nukta, soma kinachobaki: saa ya 6, dakika ya 56, sekunde ya 25. Hapo ndipo wanahisabati walipoona utamu wake. Saa inasomeka kama sehemu ya siku, huna haja ya kugawanya kwa 60 wala kwa 24. Laplace, mnajimu mkubwa wa wakati ule, aliipenda kwa hesabu zake za sayari. Adhuhuri ni saa 5 kamili.

Lakini mtu wa kawaida hafanyi hesabu za sayari. Saa moja yao ni dakika 144 za kwetu. Ukimwambia mtu "nisubiri saa moja" umemfunga zaidi ya saa mbili. Ikabidi watu wataje nusu na robo na dakika kwa mambo yaliyokuwa yakitajwa kwa neno moja.

Ilikuwa lazima kisheria kuanzia tarehe 22 Septemba 1794. Tarehe 7 Aprili 1795 Bunge lao likaisimamisha. Miezi sita na nusu. Na hapa ndipo swali la mwanzisha uzi linapokaa: sheria iliyoisimamisha saa ndiyo ile ile iliyotaja mita, lita na gramu kwa majina yake. Karatasi moja, huku inazaa, huku inazika. Prieur, mmoja wa waliopigania vipimo vipya, alisema wazi bungeni kwamba saa ya kumi kumi ingevichafulia jina vipimo vingine, kwa sababu walio wengi hawakuwa na faida nayo.

Jiulizeni mita ilitibu ugonjwa gani. Ufaransa ya zamani kipimo cha nafaka cha mji huu hakikuwa cha mji wa pili, hata kama jina ni moja. Mwenye shamba anapokea kodi kwa kipimo kikubwa na anauza kwa kidogo. Ni lumbesa hiyo, mnaijua. Mkulima alikuwa anaibiwa na alikuwa ameshalalamika miaka mingi. Mita na lita zilimjia mtu mwenye kidonda. Lakini saa? Siku ya saa 24 ilikuwa ile ile Marseille, Paris, London na Roma. Hakukuwa na lumbesa ya saa.

Mwanaharakati_wa_Kitaa

Mwalimu umeeleza vizuri ila umeacha jambo kubwa. Ile kalenda iliuawa na wafanyakazi. Piga hesabu: Jumapili 52 kwa mwaka, dekadi 36. Wamepunjwa siku 16 za kupumzika! Kazi siku tisa ndipo upate moja. Halafu Napoleon alipopindua serikali akaifuta kuwafurahisha wananchi. Imeisha hiyo.

MwalimuMstaafu

@Mwanaharakati_wa_Kitaa hesabu ya 52 na 36 ni sahihi, kijana wangu. Lililobaki linahitaji kuchujwa.

Napoleon alichukua madaraka tarehe 18 Brumaire mwaka wa 8, na tukio lenyewe mpaka leo linaitwa kwa tarehe hiyo ya kimapinduzi. Kwa kalenda yetu ni Jumamosi, 9 Novemba 1799. Kalenda hakuifuta siku hiyo wala mwaka huo. Ilifutwa Septemba 1805, na mwisho wake ukawa 31 Desemba 1805. Aliishi nayo miaka sita, akaitumia kuweka tarehe kwenye amri zake.

Kuhusu mapumziko, siku ya tano, quintidi, kwa wengi ilikuwa nusu ya mapumziko. Na kabla ya Mapinduzi hesabu haikuwa Jumapili peke yake, kulikuwa na sikukuu za watakatifu ambazo zilitofautiana kila jimbo. Kwa hiyo hasara ya mtu mmoja mmoja ni ngumu kuipima kwa kutoa 36 kwenye 52. Kupunjwa kulikuwepo, sikatai. Lakini Jumapili haikuwa mapumziko tu.

Tuchukue mwezi huo huo wa Brumaire mwaka wa 8, tumweke fundi viatu wa mji mdogo. Dekadi zake ni tarehe 10, 20 na 30, ambazo kwa kalenda ya zamani ni Ijumaa, Jumatatu na Alhamisi. Jumapili ndani ya mwezi huo zinaangukia tarehe 5, 12, 19 na 26. Hakuna hata moja iliyogongana na dekadi. Tangu 1798 sheria inamwambia afunge duka siku ya dekadi. Mkewe anamwambia wateja wote watakuja mjini Jumapili kwa ajili ya ibada na maongezi. Akifungua Jumapili anamuudhi jirani, akifungua dekadi anatozwa faini. Wengi wakapumzika zote mbili, na maofisa wakalalamika kwamba kalenda iliyoletwa kupunguza siku za uvivu imeziongeza.

Mwanaharakati_wa_Kitaa

Nakubali la Napoleon. Ila 16 ni 16 mwalimu. Tumbo la mfanyakazi halijui mambo ya maongezi.

Mchimbaji_Kambini

Mimi historia siijui ila naomba niseme langu. Nilifanya kazi kambini, mgodi siutaji, ratiba ilikuwa siku kumi kazini, tano nyumbani. Kwa karatasi mapumziko yangu yalikuwa mengi kuliko ya mwalimu wa shule. Lakini kila nikirudi, siku zinahama. Mara naanza Jumatano, mara Jumapili jioni. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa Jumamosi, mimi niko chini ya ardhi. Nikipata nafasi, ni Jumanne asubuhi, mtaa mzima hakuna mtu, watoto shule, washkaji kazini, mpira haupo. Nakaa na kuku.

Nilichojifunza ni kwamba siku ya kupumzika peke yako haina ladha. Kwa hiyo huyo fundi viatu namwelewa vizuri.

MwalimuMstaafu

@Mchimbaji_Kambini umesema kwa kuku kile ambacho mimi nilikuwa nakizungukia. Ongeza minada. Soko la mji huu lilikuwa kila Jumanne, la mji wa jirani Jumatano, na mfanyabiashara anazunguka na mkokoteni wake. Serikali ikaamuru masoko yote yafuate siku kumi, na amri ya Aprili 1798 ikasisitiza hasa soko la samaki lisiangukie tena siku za kufunga za Wakatoliki. Yaani walitaka muuza samaki asiuze samaki Ijumaa, siku ambayo watu wanakula samaki! Hapo huhitaji kuwa mcha Mungu kuichukia kalenda, inatosha kuwa na samaki anayeoza.

Kasuku77

😂😂 Hao walikuwa na visa.

FundiSaa_Mombasa

Salaam. Mimi naangalia kwa jicho la meza ya ufundi. Watu wanadhani unabadilisha uso tu, unafuta 12 unaandika 10. Haiwezekani.

Saa ya kawaida mshale wa dakika unazunguka mara 12 mshale wa saa ukizunguka mara moja. Hiyo ni meno ya magurudumu yaliyo nyuma ya uso. Ya hao Wafaransa, mshale mfupi unazunguka mara moja kwa siku nzima na wa dakika mara 10, kwa hiyo magurudumu hayo unatupa, unachonga mapya. Bado mapigo. Sekunde yao ni 0.864 ya sekunde yetu. Saa ya ukutani yenye pendulamu ya sekunde ina urefu wa kama sentimita 99. Ili ipige sekunde yao inabidi pendulamu iwe sentimita 74 hivi. Ukifupisha pendulamu bila kugusa magurudumu saa inakimbia, ukibadilisha magurudumu bila pendulamu inachelewa. Kengele nayo ina gurudumu lake la kuhesabu mapigo, 1 mpaka 12, nalo unachonga upya liishie 10.

Sasa mji una saa moja kanisani, fundi mmoja, na hela hakuna kwa sababu kuna vita. Nani analipa? Ndiyo maana saa nyingi za wakati ule utaona zina nyuso mbili, namba kumi na namba kumi na mbili pamoja. Mteja anayenunua saa ya nyuso mbili keshakwambia hana imani na uso mmojawapo.

@Mpwani_Ughaibuni hiyo uliyoiona ilikuwa na mishale mingapi?

Mpwani_Ughaibuni

Fundi, namba za Kirumi za 12 zilikuwepo kweli! Ndogo, duara la ndani. Sikuzitilia maanani. Mishale sikuhesabu, nisamehe.

Bi_Mwanakheri

Asalaam aleikum wanangu. Nimesoma kimya, sasa nimeshindwa.

Mnaizungumza wiki ya siku kumi kana kwamba ni kitu cha Paris tu. Sisi watu wa pwani tulikuwa nayo. Marehemu babu yangu, Makunduchi, alihesabu mwaka kuanzia Siku ya Mwaka, hiyo mnayoiita Mwaka Kogwa, kwa miongo. Mwongo mmoja ni siku kumi. Miongo 36 ni siku 360, zinabaki tano za kufungia mwaka. Mkulima anajua mwongo wa ngapi anapanda, nahodha anajua mwongo wa ngapi pepo zinageuka. Hesabu yao Wafaransa ni hiyo hiyo, 36 mara kumi, kisha siku tano juu.

Lakini babu alihesabu miongo kwa ajili ya mvua na upepo, na Ijumaa akavaa kanzu akaenda msikitini. Soko lilikuwa na siku zake. Hakuna aliyemwambia mwongo umekuja kuiua Ijumaa.

Kasuku77

Shikamoo bibi. Ina maana "mwongo" si yule anayedanganya tu? Nimeishi miaka yote hii…

Bi_Mwanakheri

Marahaba. Yule anayedanganya na huyu wa siku kumi wamekutana kwenye jina tu. Na "muongo" mnaousikia kwenye habari, miaka kumi, ni ndugu wa huyu.

MwalimuMstaafu

Bi Mwanakheri, shikamoo. Umenifundisha leo. Na umegusa kiini: nia. Gilbert Romme, mwenyekiti wa kamati iliyounda kalenda, hakuficha kwamba lengo mojawapo lilikuwa kuiondoa Jumapili. Ziangalieni siku zenyewe. Kila siku ya mwaka iliondolewa jina la mtakatifu ikapewa mmea, madini, mnyama au chombo cha kazi. Mshairi Fabre d'Églantine ndiye aliyetunga majina ya miezi na kuleta orodha hiyo bungeni. Tarehe 25 Desemba ikaangukia 5 Nivôse, siku ya Mbwa. Tarehe 28 Desemba, ambayo kanisa liliwakumbuka watoto waliouawa na Herode, ikawa siku ya Samadi. Fikiria bibi wa kijijini anaambiwa Krismasi ni siku ya mbwa.

Sisi wenyewe tuna siku za namba: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ni primidi na duodi kabisa. Lakini hesabu ilipofika karibu na Ijumaa ikasimama, Alhamisi na Ijumaa zikabaki na majina yao ya Kiarabu, ingawa Alhamisi maana yake nayo ni ya tano. Tuna siku mbili za tano na hakuna anayesumbuka.

Fabre hakuiona kalenda yake ikifikisha mwaka mmoja. Alikatwa kichwa kwa gilotini tarehe 16 Germinal mwaka wa 2, yaani 5 Aprili 1794, siku moja na Danton, kiongozi wa Mapinduzi. Romme alihukumiwa kifo mwaka uliofuata akajiua kwa kisu. Kalenda ikabaki yatima mapema sana.

Kisiwani_Mkereketwa

Na hizo Nivôse na Thermidor ni hali ya hewa ya Paris tupu. Nivôse ni mwezi wa theluji, Desemba kwenda Januari. Waliipeleka mpaka Île de France, ambayo leo ni Morisi, na Réunion. Huko Nivôse ni jua kali na vimbunga! Thermidor, mwezi wa joto, ndiyo wakati wa baridi yao. Watumwa waliotolewa Kilwa na Msumbiji wakafanya kazi mashambani mwezi wa theluji bila kuona theluji.

Tena uhuru wao nao ulikuwa na tarehe ya kalenda hiyo: 16 Pluviôse mwaka wa 2, Februari 1794, Bunge la Paris lilifuta utumwa. Wajumbe wawili walioipeleka amri hiyo Île de France mwaka 1796 walifukuzwa na walowezi. Kalenda ikapokelewa, amri ikarudishwa melini.

Mpwani_Ughaibuni

Hilo la mwisho limenikaa kooni.

Swali jingine kwa Mwalimu. Kama saa ilikufa kwa miezi sita, kalenda ilidumuje miaka 12?

MwalimuMstaafu

Kwa sababu kalenda ilikuwa na mwenyewe: ofisi ya serikali. Saa ya mji ilihitaji fundi na fedha kama alivyosema FundiSaa, lakini tarehe ni wino tu. Karani anaandika 12 Ventôse, mambo yanaenda. Ikawa lugha ya barua za serikali, mikataba na vyeti vya ndoa. Wiki ya siku kumi ilidhoofika kabla yake. Baada ya Napoleon kupatana na Papa mwaka 1801, sheria ya Aprili 1802 ikarudisha mapumziko ya watumishi wa serikali Jumapili. Kuanzia hapo kalenda ni ganda: tarehe zipo, wiki imetoka.

Na kulikuwa na ufa ndani ya kalenda yenyewe. Sheria ilisema mwaka unaanza siku ambayo usiku na mchana vinalingana, mwezi Septemba, kwa saa ya Paris. Halafu sheria hiyo hiyo ikasema kila mwaka wa nne unaongezwa siku. Mbingu haifuati mwaka wa nne wa mtu. Miaka mirefu ingekuwa wa 3, wa 7, wa 11, wa 15, kisha ukiifuata mbingu unaruka mpaka wa 20, wala si wa 19. Mnajimu Delambre alionyesha pia kwamba mwaka wa 144 tukio lingeangukia sekunde chache tu kabla ya usiku wa manane, na hesabu za wakati ule zilikuwa na mashaka ya dakika tatu, nne. Basi mwaka unaanza leo au kesho? Hakuna anayeweza kujibu mapema. Romme alitaka kurekebisha hilo 1795, akafa kabla.

Mwaka 1805 aliyesimama kwenye Seneti kutoa ripoti ya kuifuta alikuwa Laplace. Ndiyo, yule yule wa saa ya kumi kumi. Alitaja ufa huo, na kwamba majirani wa Ulaya hawakuifuata.

Mwanaharakati_wa_Kitaa

Lakini ilirudi! Wafanyakazi wa Paris walipochukua mji 1871 gazeti lao rasmi liliandika Floréal mwaka wa 79. Sasa mwalimu, kama wafanyakazi waliichukia, mbona ndio walioirudisha?

MwalimuMstaafu

Hapo umenishika vizuri. Ilikuwa ni wiki chache za mwezi Mei, na walirudisha tarehe kwenye gazeti. Kama wangepata muda wangerudisha na dekadi, sidhani, lakini siwezi kuapa.

Mchimbaji_Kambini

Wangeirudisha dekadi ningewapelekea kuku.

FundiSaa_Mombasa

@Mpwani_Ughaibuni ukirudi pale, piga picha ya uso kwa karibu, uhesabu mishale. Kama ni mitatu na mmoja unazunguka duara la ndani peke yake, basi ndani kuna seti mbili za magurudumu na nataka kuiona. Kama ni miwili tu, huyo fundi aliwauzia uso.

Mpwani_Ughaibuni

Jumapili hii nikipata nafasi. Dekadi sijui inaangukia lini.